Kumweka jaja mbele ya daraja jipya la Jinja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa tunaongelea kazi moja tu: una picha ya studio ya zamani, nyeusi na nyeupe, umeiskani, na familia inataka nyuma ya mtu pawe na kitu cha leo. Mfano tutakaoufuata mpaka mwisho ni wa jaja, yaani babu, aliyefanya kazi reli, kapigwa picha studio huko Jinja miaka ya 1960, kuanzia mapajani kwenda juu, kavaa koti jeusi na shati jeupe, nyuma yake pazia tupu la kijivu. Wajukuu wanataka asimame mbele ya daraja jipya la Nile, lile la nyaya lililofunguliwa 2018.

## Mwanzo

Kwa nini nikibandika tu inaonekana feki hata kama nimekata vizuri?

Kwa sababu jicho haliangalii mkato kwanza. Linaangalia weusi na weupe. Picha ya simu ina nyeusi kabisa na nyeupe kabisa, kila kitu kikali mpaka nyaya za mbali, alafu ni laini haina chenga, yaani zile punje ndogo za filamu. Picha ya jaja nyeusi yake imeshafifia, nyeupe yake si nyeupe, na ukisogea karibu unaona chenga kila mahali. Ukiziweka pamoja mtu anaonekana kama stika iliyobandikwa dirishani. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuishusha mandhari ifike pale picha ya zamani ilipo. Usijaribu kumpandisha jaja afanane na simu, ukianza kumsafisha na kumkaza utaharibu sura na wazee watakwambia huyu siye.

Lazima niwe na Fotoshopu?

Hapana. Majina ya menyu hapa chini ni ya programu ya GIMP kwa sababu ni ya bure na kompyuta nyingi za studio za mtaani zinaibeba bila shida, tena ina mtindo wa leya wa kutoa chenga na kurudisha chenga ambao kwa kazi hii unatusaidia sana. Ukiwa na Fotoshopu fikra ni zilezile, menyu tu ndo zinabadilika.

Niskani vipi, au nipige na simu tu?

Skani kama unaweza. Simu inaleta mng'ao wa dirisha juu ya karatasi, na yenyewe inalainisha chenga bila kukuuliza, alafu huko mbele utakosa cha kupima. Kwa picha ya saizi ya postikadi, kama sentimita 9 kwa 14, weka 600 dpi, utapata pikseli karibu 2,100 kwa 3,300. Kipasipoti weka 1,200. Hifadhi kwa TIFF.

Cha muhimu kuliko namba ni kuzima vile vitu skana inavyofanya yenyewe, yaani kukaza picha, kuondoa vumbi, na kurekebisha mwanga. Vikibaki vimewashwa chenga utakazoziona si za picha tena, ni za programu ya skana. Kifaili hicho cha kwanza usikiguse, fanya kazi kwenye nakala.

## Kuchagua na kuandaa mandhari

Mandhari ya aina gani itakubali?

Hapa ndo watu wanakosea wakiwa bado hawajafungua hata kompyuta. Angalia vitu vitatu kwenye picha ya jaja.

Kwanza taa. Tazama kivuli cha pua na kile kinukta cheupe ndani ya macho. Kama kivuli kinaanguka kulia na ni laini, taa ilikuwa kushoto na ilikuwa pana. Mandhari iliyopigwa saa nane mchana na jua kali haitakubali kamwe, vivuli vyake vitakuwa vifupi na vyeusi. Nenda siku ya mawingu, au asubuhi mapema jua likiwa upande uleule wa taa ya studio.

Pili kimo cha kamera. Mstari wa upeo, pale maji au ardhi inapokutana na mbingu, kwenye picha unakaa sawa na kimo cha lenzi. Wapiga picha wengi wa studio walitumia kamera za kuangalia kwa juu, ameishika tumboni au iko kwenye miguu mitatu, kwa hiyo lenzi ilikuwa kifuani kwa mtu aliyesimama. Kama upeo wako utapita juu ya kichwa cha jaja ataonekana mfupi kama amesimama shimoni, ukipita magotini anakuwa jitu. Kwa jaja wetu upeo tunaupitisha usawa wa kifungo cha pili cha koti. Ndo maana picha ya daraja ipigwe ukiwa umechuchumaa kidogo kule ukingoni mwa mto, chini, siyo kutoka kilimani wala ukiwa juu ya daraja lenyewe.

Tatu, ni toni gani iko nyuma ya kichwa. Hili litakuokoa kwenye nywele, angalia swali la nywele.

Nageuzaje picha ya rangi iwe nyeusi na nyeupe? Nikiondoa rangi tu haitoshi?

Inatoa kijivu, lakini siyo kijivu cha filamu ya zamani. Filamu za zamani ziliona bluu kuliko jicho letu linavyoiona, kwa hiyo mbingu ilitoka nyeupe-nyeupe. Na zile za zamani zaidi hazikuona nyekundu kabisa, midomo inatoka myeusi. Sasa fikiria Uganda: mbingu bluu, murram nyekundu, boda na rifleksa ya machungwa. Ukiondoa rangi tu, mbingu inabaki nzito na barabara ya murram inang'aa, na mtu aliyezoea picha za miaka ile anahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukisema.

Nenda `Colors > Desaturate > Mono Mixer`, kwa picha ya miaka ya 1960 anza na nyekundu 0.15, kijani 0.45, bluu 0.40. Jumla ikae 1 ili mwanga usipande wala kushuka. Mbingu itapauka, udongo utakuwa mzito. Kwa picha ambayo midomo na kila chekundu vimetoka vyeusi sana, jaribu nyekundu 0, kijani 0.40, bluu 0.60.

Angalizo: chaneli ya bluu ya simu ndo chafu kuliko zote, utaona mabaka kwenye mbingu. Punguza kwanza saizi ya picha ya simu ifike upana wa skani yako, kupunguza huko peke yake kunaondoa uchafu mwingi, ndo uende kwenye Mono Mixer.

Toni nazilinganishaje bila kubahatisha?

Kwa kupima. Fungua `Windows > Dockable Dialogs > Sample Points`, weka nukta kwenye sehemu nyeusi kuliko zote kwa jaja na nyeupe kuliko zote. Kwetu sisi kunja la koti lilisoma 34 na kola ya shati 226, kwa kipimo cha 0 mpaka 255, na pazia la nyuma kama 150. Hakuna kitu chochote kwenye mandhari kinachoruhusiwa kutoka nje ya 34 na 226. Hakuna.

Tena mandhari iko mbali kuliko mtu, hewa katikati inainua weusi, kwa hiyo ibane zaidi. Chukua leya ya daraja, `Colors > Levels`, chini kwenye Output Levels weka 50 na 212. Nguzo za daraja na mbingu zitashuka zikakaa nyuma. Baada ya hapo kama katikati bado kuna giza, sogeza kile kishale cha kati cha Input mpaka maji ya mto yakaribie 140 au 150, yaani jirani na pazia la zamani.

Alafu punguza picha yote skrini mpaka iwe kama stempu, uangalie. Ukiwa unaona mtu kwanza, sawa. Ukiona daraja kwanza, bado kontrasti ya nyuma ni kubwa.

Niitie ukungu kiasi gani?

Kiasi kwamba kitu kikali zaidi kwenye picha kiwe jicho la jaja. Kwenye saizi yetu `Filters > Blur > Gaussian Blur` ya 4 mpaka 6 ilitosha, na kipimo chako kiwe zile nyaya za daraja: zikionekana moja moja kama nyuzi umetia kidogo mno, zikiyeyuka zote hakuna atakayejua ni daraja gani. Usifike kule kwa ukungu wa simu za leo ambapo nyuma yote inakuwa maji, studio ya 1960 haikuwa hivyo.

Kitu kilicho karibu na mtu, mfano majani ya ukingoni, kipate ukungu mdogo kuliko daraja. Tumia maski yenye mteremko wa nyeusi kwenda nyeupe, usitie ukungu mmoja kwa wote.

## Kukata

Nywele zinaniua, kila mara kunabaki mstari mweupe pembeni ya kichwa. Nafanyaje?

Ule mstari ni pazia la zamani lililochanganyika na nywele kwenye pikseli za ukingoni. Huwezi kulitoa lote, hata ukate na darubini. Dawa ni kulifanya lisionekane: weka nyuma ya kichwa kitu chenye toni ileile ya pazia. Pazia letu lilikuwa 150, basi nyuma ya kichwa tuliacha mbingu yenye mawingu tukaishusha pale tu mpaka kama 160, na mstari ukapotea wenyewe bila kugusa unywele hata mmoja. Ndo maana nilisema toni ya nyuma ya kichwa ichaguliwe mapema. Ukiweka kichwa mbele ya nguzo nyeusi ya daraja umejitafutia kazi ya usiku kucha.

Kwa koti na mabega tumia `Paths`, alafu lainisha maski kidogo. Kiasi gani? Kuza ukingo wa bega kwenye skani yenyewe, hesabu inachukua pikseli ngapi kutoka koti mpaka pazia. Picha nyingi za zamani ni 3 au 4. Maski ya ukali wa pikseli moja kwenye picha laini hivyo inajulikana mara moja.

## Chenga

Hizi chenga zinatoka wapi hasa?

Ni za filamu, siyo za karatasi. Negativi ikikuzwa chenga nazo zinakuzwa, kwa hiyo picha iliyotoka kwenye filamu ndogo ya milimita 35 ina chenga kubwa, na ile iliyoprintiwa moja kwa moja bila kukuzwa kutoka kwenye negativi kubwa inaweza isiwe nazo kabisa. Usimwage chenga kwa sababu tu picha ni ya zamani, angalia kwanza kama zipo!

Na hazikai sawasawa. Zinaonekana zaidi kwenye kijivu cha kati, zinapungua kwenye nyeupe na kwenye nyeusi nzito. Kama mbingu yako ni nyeupe na ina chenga nyingi sawa na maji, hiyo ni kelele ya kompyuta, siyo filamu.

Nazipimaje?

Chagua kisanduku kidogo, tuseme pikseli 60 kwa 60, mahali ambapo hakuna kitu wala mteremko wa mwanga, alafu fungua `Histogram` usome `Std. Dev.` Hiyo namba ndo nguvu ya chenga. Pazia la jaja lilitoa 5.8, shati jeupe 3.1. Picha iwe kwenye biti 8 ili namba zisomeke kirahisi, na usihofie mistari kwenye mbingu, chenga zenyewe zitaificha.

Usipime shavuni. Mafundi wa studio walikuwa wanasafisha sura kwa penseli juu ya negativi, ngozi ikatoka laini kuliko sehemu zingine zote. Ukipima pale utapata namba ndogo ya uongo. Pima pazia, au koti.

Kwa ukubwa wa chenga kuza mpaka asilimia 400 uhesabu donge moja lina upana wa pikseli ngapi. Letu lilikuwa kama 3.

Naweza kutumia chenga za picha yenyewe badala ya kutengeneza zingine?

Ndiyo, na kwa maoni yangu ndo njia ya kwanza kujaribu kabla ya nyingine yoyote, kwa sababu umbo la chenga linakuwa lilelile bila kuhangaika. Unahitaji tu kipande tupu cha pazia, angalau pikseli 400 kwa 400, kisicho na mkwaruzo wala doa.

Nakili kipande hicho kwenye picha mpya. Rudia leya, ile ya juu itie Gaussian Blur ya 8, alafu mtindo wake uweke `Grain extract`. Kompyuta inachukua ya chini inatoa ya juu inaongeza 128, kwa hiyo mwanga wa pazia unaondoka na kinachobaki ni chenga peke yake juu ya kijivu. Unganisha leya hizo mbili. Kipande chote kinatakiwa kisome karibu 128, ukiona upande mmoja una giza mteremko umebaki, rudia kwa ukungu mdogo kidogo.

Sasa nakili hicho kipande, rudi kwenye kazi yako, tengeneza leya mpya juu ya daraja lakini chini ya jaja, ijaze kwa pateni ya kile ulichonakili, na mtindo uwe `Grain merge`. Jaja usimwekee, anazo zake. Viungio vya vipande vikionekana, vipitie kwa `Clone` ukichota chenga kutoka katikati ya kipande.

Mwisho pima tena, lakini kwanza tengeneza leya ya `New from Visible` upime juu yake, kwa sababu `Histogram` inasoma leya moja tu, ukimaliza uifute. Kwetu maji ya mto yalitoa 5.6, karibu sawa na pazia. Lakini mbingu nayo ilitoa 5.6 wakati shati lilikuwa 3.1, kwa hiyo leya ya chenga tuliipa maski na pale kwenye mbingu nyeupe tukapaka kijivu cha karibu nusu, ikashuka kwenye 3. Ile sehemu ya nyuma ya kichwa tuliyoishusha mpaka 160 tukaiacha na chenga zake zote, kwa sababu toni yake ni ya kati.

Na kama nyuma yake hakuna sehemu tupu, ni pazia la kuchorwa lenye maua na ngazi?

Hapo tengeneza. Leya mpya ya kijivu `808080`, `Filters > Noise > RGB Noise`, ondoa tiki ya `Independent RGB` ili zisitoke za rangi, alafu Gaussian Blur ya 1 kwa madonge ya ukubwa wetu. Jua kwamba ukungu wa 1 unakula karibu robo tatu ya nguvu, kelele iliyokuwa 20 inabaki kama 5.6. Kwa hiyo anza na kelele nzito inayotisha, uitie ukungu, ndo upime kama ulivyofanya swali la kupima. Mtindo na maski ni vilevile vya swali lililopita.

Nifuate mpangilio gani? Nimemaliza nikatia ukungu kidogo na chenga zote zimekufa.

Saizi, nyeusi-nyeupe, toni, ukungu, kukata, chenga. Chenga ni za mwisho kabisa, chochote cha kulainisha au kubadilisha saizi baada ya hapo kinaziua. Ukitaka picha ndogo ya mtandaoni, punguza nakala, na ukubali kwamba pale chenga hazitaonekana sana.

## Mambo ya pembeni

Picha yangu ina vinundu-vinundu vilivyojipanga, hizo ni chenga?

Angalia ukingo mweupe wa karatasi. Pale filamu haikufika, kwa hiyo kama vinundu vipo hadi ukingoni, hiyo ni karatasi yenye mchoro. Skani mara mbili, ya pili ukiwa umeigeuza karatasi kichwa chini, zungusha ya pili irudi, zipange zilingane na uweke ya juu asilimia 50. Vivuli vya vinundu vinaangukia pande mbili tofauti vinafutana kwa sehemu kubwa. Ndo uanze kupima chenga.

Imekuwa ya njano, niondoe?

Fanya kazi yote kwa kijivu, alafu rangi iwekwe juu ya vyote kwa pamoja mwishoni, jaja na daraja wapate njano moja. Ukimwacha jaja na njano yake halisi na nyuma ukaweka ya kukadiria, kwenye vivuli itajulikana.

Mikwaruzo je?

Mkwaruzo unaopita kwenye bega ukafika ukingoni ukakatika ghafla ndo shahidi mbaya kuliko wote. Ile inayovuka mpaka wa mtu iondoe, iliyo ndani ya koti na haigusi mpaka unaweza kuiacha, inampa umri wake.

Na kama picha inaonyesha mpaka miguu?

Ongeza kazi. Usikate kwenye viatu, bakiza kipande cha sakafu ya studio pamoja na kivuli chake, na utafute mandhari yenye ardhi ya toni hiyo, sementi au udongo uliokanyagwa, uunganishe mbali na viatu. Kivuli cha kuchora chini ya viatu mara chache kinakubali. Kama sakafu ilikuwa ya vigae vya kuchora mimi ningekata picha magotini na kuwaeleza familia.

Nimetuma kwa WhatsApp kwa watu wa printi Nasser Road, ikatoka laini kama plastiki.

WhatsApp inaibana picha, na chenga ndo kitu cha kwanza kutupwa. Tuma kama dokumenti, au peleka kwa flashi, TIFF au JPEG ya ubora 95. Pikseli 2,100 kwa 3,300 kwa 300 dpi zinakupa picha ya kama sentimita 18 kwa 28. Waambie wasiitie kitu cha kung'arisha upande wao, na omba kipande cha majaribio chenye sikio, bega na mbingu kwa pamoja kabla hawajatoa kubwa.

Familia wasije wakadhani ni picha ya kweli?

Andika nyuma ya karatasi kwa penseli kwamba mandhari imewekwa, mwaka gani, na picha ya asili iko kwa nani. Kwenye picha za kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho wa wachumba, au za kumaliza olumbe, yaani msiba, zinazogawiwa watu wengi, andika pia mbele, chini ukingoni, kwa herufi ndogo.